Saa ndogo ya mama na mashine iliyo ndani yake

Swali: "Shikamoo fundi. Mama anastaafu ualimu Desemba, na mimi na wadogo zangu tumechanga tumnunulie saa nzuri ya mtoko. Mkono wake mwembamba. Dukani nimeonyeshwa Tissot Le Locle mbili za kike, zote otomatiki, moja ya milimita 25.3 na nyingine 29. Nimeipenda ile ndogo, na muuzaji anasema mashine ni ile ile. Ila shemeji ananitisha, eti saa ndogo za kike hutiwa mashine dhaifu. Ni kweli? Au nichukue tu ya betri?"

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa mama. Nianze na muuzaji, maana lake ni jepesi. Mashine iliyo ndani ya ile ya milimita 29 inaitwa Powermatic 80, na upana wake ni milimita 25.6. Kasha la saa uliyoipenda, kwa nje, ni milimita 25.3. Mashine ni pana kuliko kasha zima! Haingii hata uipige nyundo. Sidhani kama alikudanganya kwa makusudi. Wauzaji wengi wanasoma jina lililo usoni, wakiona yamefanana wanadhani na tumbo ni moja. Uliza namba ya modeli: ndogo huanza na T41.1.183, kubwa huanza na T006.207.

Ndani ya ile ndogo mna mashine iitwayo ETA 2671, yenye upana wa milimita 17.2. Hiyo si takataka, na hapo ndipo shemeji yako alipopitiliza. Ni mashine ya Kiswisi ya heshima, imetumika miaka mingi katika saa za kike za kampuni nyingi, na mimi nimezifungua nyingi tu. Ila ni kweli kwamba haipewi nafasi ya kufanya anachofanya ndugu yake mkubwa. Ukijua ni kwa nini, utaweza kupima saa yoyote ya kike, si hizi mbili tu.

Saa isiyo ya betri inaishi kwa vitu viwili. Kwanza kuna springi, utepe wa chuma uliosokotwa ndani ya kopo dogo la duara. Hiyo ndiyo akiba ya nguvu. Pili kuna balansi, lile gurudumu linaloyumba kwenda na kurudi, ambalo ndilo linalohesabu muda. Kopo likiwa dogo, utepe ni mfupi au mwembamba, na akiba ni ndogo. Hilo halihitaji maelezo.

Balansi ndiyo yenye siri. Umewahi kuona watoto wakichezesha pia, ile inayozungushwa kwa kamba? Pia kubwa nzito ukiigusa kidogo kwa kidole inaendelea kuzunguka kama haikukuona. Pia ndogo ukiigusa hivyo hivyo inayumba, pengine inaanguka. Balansi ni vivyo hivyo, na inapungua vibaya kuliko macho yanavyodhani. Ukipunguza upana wa balansi ukawa nusu, na unene nao nusu, uzito wake unabaki sehemu moja ya nane, na ule ukaidi wake wa kukataa kusumbuliwa unabaki sehemu moja ya 32. Kwa hiyo kila kinachoisumbua saa mkononi, kama kugonga meza, kupanda bodaboda, tone la mafuta lililoganda au springi inayokaribia kuisha, kinaiyumbisha saa ndogo zaidi.

Dawa ya watengenezaji ni kuikimbiza balansi. ETA 2671 inapiga mara 28,800 kwa saa, yaani mapigo 8 kila sekunde. Kitu chepesi kinachokwenda mbio kina nguvu ya kujitetea, kama pia ndogo iliyozungushwa kwa hasira. Lakini kukimbia kunakula, na hapa inakula kutoka kwenye kopo lile lile dogo. Ndiyo maana ikijaa kabisa inakaa takriban saa 38 tu.

Powermatic 80 ilichukua njia ya pili. Asili yake ni mashine ya siku nyingi, ETA 2824-2, ambayo nayo ilikuwa ikipiga mara 28,800 na kukaa saa 38 hivi. Wakapunguza unene wa mhimili ulio katikati ya kopo ili utepe mrefu zaidi uenee, kisha wakapunguza mwendo hadi mapigo 21,600. Hayo mawili yakaipeleka saa 80, na ndiyo 80 iliyo katika jina. Waliweza kuthubutu kupunguza mwendo kwa sababu balansi yenyewe ni kubwa kiasi, ina ukaidi wa kutosha. Ile ndogo ukiipunguzia mwendo hivyo, itakuwa saa ya kubahatisha.

Sasa tazama jambo ambalo wengi hawalioni. ETA 2671 ina unene wa milimita 4.8, na ile 2824-2 milimita 4.6. Ndogo ndiyo nene! Walipokosa upana wakapanda juu. Kwa hiyo usishangae ukiivaa ile ya 25.3 ukaona imesimama juu ya mkono kama kitufe cha koti, nene kwa upana wake mdogo. Kwa saa ya mtoko, inayotakiwa ipite chini ya mkono wa gauni bila kukwama, mimi naliona hilo ni la maana kuliko hizo milimita 3.7 za upana.

Usinielewe kwamba udogo hauwezekani kabisa. Mwaka 1929 Jaeger-LeCoultre walitoa mashine yao namba 101, urefu milimita 14 na upana milimita 4.8, uzito wake takriban gramu moja, na Malkia Elizabeth wa Uingereza aliivaa siku ya kutawazwa kwake mwaka 1953. Inatengenezwa mpaka leo. Ila hiyo ni saa ya malkia kwa kila maana ya neno. Ukirudi chini kidogo, Rolex saa yao ya kike ya Datejust waliitengeneza kwa milimita 26 miaka mingi, na mwaka 2015 wakaipandisha hadi 28 pamoja na mashine mpya inayokaa saa 55. Wao pesa wanazo, na bado waliona afadhali waombe milimita mbili.

Kinachoniudhi mimi ni makampuni yanayotumia udogo kama kisingizio. Kasha dogo linakubana, sawa, utatia mashine ndogo nzuri au mbaya, uamuzi ni wako. Wengi wanachagua mbaya kwa sababu wanaamini mwanamke haulizi. Anatazama vito, dhahabu na mkanda. Mwaka jana mama mmoja aliniletea saa ya betri, pana kabisa, milimita 36, jina lake silitaji. Inasimama kila wiki ingawa betri mpya. Nikafungua mfuniko wa nyuma: pete ya plastiki nyeupe pana kama bangili, na katikati yake kimashine kisichozidi milimita 15, hakina hata kito kimoja cha kupunguza msuguano. Kimashine hicho kilipewa mishale mirefu mizito ya kufaa kasha lile. Kwa hiyo mshale wa sekunde ulikuwa ukishuka vizuri upande wa kulia, ukifika 9 unatetemeka pale pale kama mzee anayepanda ngazi, maana pale ndipo unapoinuliwa juu ukiwa umelala kabisa, na uzito wake wote unadai. Ukiona mshale unatetemeka kwenye 9, mashine haina nguvu ya kuubeba, au betri inakwisha. Betri ikiwa mpya, jibu unalo.

Kasha kubwa lenye mashine ndogo unaweza kulikamata bila kulifungua. Tazama kidirisha cha tarehe. Gurudumu la tarehe limo ndani ya mashine, kwa hiyo dirisha haliwezi kwenda mbali kuliko mashine inakoishia. Dirisha likiwa limejivuta karibu na katikati ya uso, mbali na ukingo, mashine ni ndogo kuliko nguo iliyovalishwa. Zisizo na tarehe wala mshale wa sekunde ndizo ngumu kuzisoma, na hapo baadhi ya watengenezaji hujificha: kimashine cha mishale miwili tu kinaweza kusogea mara moja kila sekunde 10 au 20 ili kubana betri, na mnunuzi hajui.

Turudi kwa mama. Nisingeamua kwa mashine peke yake. Ningeanza na wiki yake. Tuseme ni mtu wa kuvaa saa ya mtoko siku za shughuli tu. Jumamosi anaivaa saa kumi jioni kwenda harusini, anarudi na kuivua saa nne usiku, ikiwa imejaa kabisa. Ile ndogo yenye saa 38 itasimama Jumatatu saa sita mchana. Ile kubwa yenye saa 80 itasimama Jumatano saa kumi na mbili asubuhi. Jumamosi inayofuata zote mbili zimekufa, na mama yuko mlangoni, dereva anapiga honi, yeye anatafuta miwani arekebishe saa na tarehe. Zile saa 42 za ziada hazikumsaidia kitu.

Na hapo nimekuwa mkarimu kusema imejaa kabisa. Saa otomatiki hujazwa na rota, kile kipande cha nusu duara unachokiona kikizunguka ukitazama kwa nyuma. Kazi yake inategemea uzito na upana wake, na kwenye mashine ya milimita 17 vyote viwili ni haba. Mtu aliyekaa kwenye kiti cha harusi akipiga makofi mara moja moja haijazi saa iliyokuwa imesimama. Saa hizi zote mbili zinakubali kutiwa ufunguo kwa mkono. Iliyosimama izungushwe kichwa chake, kile kitufe cha ubavuni, kama mara 30 kabla ya kuvaliwa, isitikiswetikiswe kama chupa ya dawa ya kikohozi.

Lakini tuseme mama ni kama walimu wengi ninaowajua, miaka 30 hajatoka bila saa mkononi, na hii ataivaa kila siku kuanzia asubuhi mpaka kulala. Basi mambo yanageuka. Usiku mmoja mezani si kitu kwa mashine yoyote kati ya hizo mbili. Tofauti itajitokeza siku akiugua akalala nayo haipo mkononi, au akiisahau Ijumaa usiku bafuni akaikumbuka Jumapili jioni: ndogo itakuwa imesimama au inajikongoja, kubwa bado ina zaidi ya siku nzima. Na ile kujikongoja ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu springi inapokaribia kuisha balansi hupunguza upana wa kuyumba, na balansi ndogo ikilegea hivyo hupoteza muda bila kusimama. Anayeivaa hajui, anachelewa tu basi.

Kwa hiyo kati ya hizo mbili, kwa mtu wa kila siku, nachagua ya 29 bila kusita. Usiogope mkono mwembamba. Kata duara mbili za kadibodi, 25 na 29, mwekee mkononi akiwa amelala usingizi wa mchana. Utaona tofauti ni kama upana wa punje mbili za mchele. Kinachofanya saa ionekane kubwa mkononi ni masikio ya kufungia mkanda. Pima kutoka ncha ya sikio la juu hadi ncha ya sikio la chini. Kipimo hicho kikiwa ndani ya upana wa mgongo wa kifundo cha mkono wake, saa imemkaa. Zikitokeza nje ya mkono, hata iwe 24 haimfai.

Nikupe na ubaya wake, usije ukasema sikukwambia. Powermatic 80 haina kile kikono kidogo cha kurekebishia mwendo ambacho fundi yeyote wa mtaani anakijua. Hurekebishwa kwa vizito vidogo kwenye balansi yenyewe, na baadhi ya matoleo yana sehemu za plastiki zinazoruhusu na kuzuia nguvu, ambazo hubadilishwa, hazitengenezwi. ETA 2671 kwa upande huo ni rahisi kuirekebisha, ingawa udogo wake unataka fundi mwenye mikono iliyotulia na lenzi nzuri, na mafuta yake ni matone ambayo huyaoni kwa macho. Kwa pwani yetu yenye joto na jasho, mafuta hayo yakikauka mashine ndogo ndiyo inayolia kwanza. Ukinunua ndogo, weka akilini kuifanyia sevisi kila baada ya miaka minne au mitano, hata kama inatembea.

Ukiamua ndogo kwa sababu moyo umeipenda, na hilo halina kosa, ipime kabla muda wa kurudisha haujaisha. Itie ufunguo mara 30, iweke sawa na saa ya simu mpaka kwenye sekunde, ilaze chali mezani saa 24 uandike imetofautiana sekunde ngapi. Itie ufunguo tena, iweke sawa upya, safari hii isimamishe kwa ubavu, kichwa chake kikielekea chini, saa nyingine 24. Kila jibu likiwa ndani ya sekunde 15 hivi, na hayo mawili yakikaribiana, umepata nzuri. Chali ikizidi sekunde 10 na ubavu ikipoteza 40, balansi yake haiko sawa. Irudishe, usikubali kuambiwa itazoea mkono.

Sasa ya betri. Kwa mama wa shughuli za wikendi tu, hiyo ndiyo ningenunua, wala nisingeona haya. Betri haijali kwamba saa ilikaa kabatini siku sita. Ila ugonjwa ule ule wa kasha dogo umo humo humo, umebadilisha jina tu. Uliza namba ya betri. Namba hizo zinasomeka: SR626SW, inayoitwa pia 377, ina upana wa milimita 6.8 na unene wa 2.6. SR416SW, yaani 337, ina upana wa 4.8 na unene wa 1.6. Ukipiga hesabu, ujazo wa ndogo haufiki theluthi moja ya ile kubwa. Saa inayokula 337 itakurudisha kwa fundi mapema, na kila mfuniko unapofunguliwa ule mpira wa kuzuia maji unaumia na vumbi linapata mlango. Ukipata inayotumia 364 au 377, yenye mashine ya chuma na vito kadhaa, na muuzaji anakubali kukuonyesha jina la mashine, hiyo chukua.

Na betri yenyewe iwe inayoanza na SR. Zile za kadi zinazouzwa Kariakoo kwa bei ya pipi, zimeandikwa AG4 au LR626, umbo lake ni hilo hilo la 377 na zinaingia bila tabu, lakini ni za alkalini. Nguvu yake inashuka polepole tangu siku ya kwanza, na kimashine kidogo hakina pa kuvumilia. Halafu zikiisha zikasahaulika zinavuja. Saa ngapi nzuri za kina mama nimezikuta na ute wa kijani tumboni kwa sababu ya betri ya bei ya pipi!

Kwa hiyo kabla ya kurudi dukani, nenda kamtembelee mama bila kumwambia lolote, uangalie ile saa aliyonayo sasa. Kama iko mkononi hata anapokuna nazi, chukua otomatiki ya 29. Kama imo ndani ya kasha lake kwenye droo ya kabati, na mishale yake imesimama, chukua ya betri, na pesa itakayobaki mnunulie mkanda wa pili wa ngozi. Ule wa kwanza jasho litaumaliza kabla ya betri.